Birika la stenlesi linatoka jeusi kwenye renda ilhali taa tatu zote zinawaka: kosa liko kwenye taa au kwenye metali?

#1 – Mjukuu wa Seremala

Habari wakuu. Nimepewa kazi ya kutengeneza picha za birika la stenlesi kwa muuzaji wa vyombo hapa Dar es Salaam, naye anataka picha safi ya kuweka dukani mtandaoni. Umbo nimelichonga mwenyewe kwenye Blender, nami natumia Cycles. Birika lina urefu wa sentimita 22, mpini wa plastiki nyeusi, mdomo mfupi na kifuniko chenye kirungu.

Nimepanga taa tatu kama tunavyofundishwa. Taa kuu iko kushoto mbele kwa nyuzi 45, taa ya kujaza iko kulia nayo ina nusu ya nguvu, na taa ya nyuma iko juu kidogo ya bega la birika. Zote ni Area zenye upana wa sentimita 10, na taa kuu ina wati 100. Metali nimeweka Metallic 0.8, Roughness 0.1, rangi ya kijivu cha wastani. Matokeo yake ni kwamba meza imeungua kwa weupe, lakini birika lenyewe ni jeusi tii lenye vidoa vitatu vyeupe kama macho ya paka usiku. Nilipopandisha taa kuu hadi wati 500, meza ilitoweka kabisa na birika likabaki jeusi vilevile. Je, mpango wa taa tatu haufai kwa metali, au nimekosea metali yenyewe?

#2 – Kipanga

Mkuu, usihangaike na taa. Weka HDRI ya studio kwenye World, zima taa zote tatu, na birika litang'aa lenyewe. Mimi nilishaacha taa tatu miaka mingi iliyopita.

#3 – Bi Mkubwa wa Picha

Mwanangu, kwanza lioshe kwa siki ulikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana alama ya kidole kwenye stenlesi huonekana hata ukiwa mbali. Kisha lizungushie shuka jeupe kama hema dogo, utoboe tundu la lenzi tu, na taa uzimulike kwa nje ya shuka. Nimepiga sufuria na mabirika ya maduka kwa miaka mingi kwa njia hiyo, na sijawahi kurudishiwa kazi.

#4 – Kipanga

Bi Mkubwa, birika la huyu ndugu halipo mezani, lipo ndani ya kompyuta. Siki itaharibu kibodi.

#5 – Fundi Mwangaza

Msimcheke Bi Mkubwa, kwa kuwa amekosea swali lakini jibu amelipata. Shuka lake ndilo dawa, na nitaeleza kwa nini.

Metali haina rangi yake ya kufifia kama ukuta au ngozi ya mtu. Ukuta hupokea mwanga na kuutawanya kila upande, kwa hiyo popote utakapoiweka taa, ukuta utaonekana umemulikwa. Metali iliyosuguliwa hufanya kazi kama kioo, kwani kila sehemu yake inaonyesha kitu kimoja tu, yaani kile kilichopo upande ambao mwanga ungeelekea baada ya kudunda kutoka kwenye jicho la kamera. Sasa jiulize birika lako linaona nini. Linaona taa tatu zenye upana wa kiganja, na pembeni yake giza la World, ambalo Blender hulianzishia kwenye kijivu cha takriban 0.05. Kwa hiyo picha uliyoipata ni ya kweli kabisa: ni kioo kilichopigwa picha ndani ya chumba cha giza chenye balbu tatu. Ukipandisha wati, unazing'arisha balbu, ila giza hulipunguzi hata chembe.

Fanya jaribio hili kabla hujabadilisha chochote. Weka Roughness 0 na Metallic 1, kisha utazame birika kwa makini. Litageuka kioo kitupu, nawe utaona kila taa ilipo, umbo lake, na sehemu gani za birika hazina cha kuakisi. Sehemu hizo ndizo unazotakiwa kuzijaza.

#6 – Mjukuu wa Seremala

Nimefanya jaribio la #5 na nimeona aibu. Taa ya kujaza haionekani popote kwenye tumbo la birika isipokuwa kitone karibu na mpini, na taa ya nyuma inaonekana juu ya kifuniko tu. Theluthi mbili za birika haziakisi kitu chochote. Nimeelewa sababu ya shuka. Hata hivyo, nikizikuza taa si mwanga utazidi, na meza tayari inaungua?

#7 – Nuru ya Tanga

Meza ikiungua, zisogeze taa mbali. Ukiiweka taa mara mbili ya umbali, mwanga hupungua mara nne, kwa hiyo meza na birika vyote vitapoa kwa pamoja.

#8 – Fundi Mwangaza

Nuru, hesabu yako ni sahihi kwa meza, lakini si sahihi kwa birika, na hapa ndipo watu wengi hupotelea. Ukiisogeza taa mbali, mwangwi wake kwenye metali, yaani sura yake inayoakisiwa, unakuwa mdogo zaidi, lakini weupe wake haupungui. Ni kama mwezi: ukiutazama kwenye ndoo ya maji, umbali wake mkubwa haujaufanya uwe wa kijivu, umeufanya uwe mdogo tu. Kwa hiyo ndugu yetu akifuata ushauri wa #7, meza itapoa, lakini vidoa vitakuwa vidogo na vikali vilevile, na giza litaongezeka.

Kinachopunguza ukali wa taa ndani ya metali ni ukubwa wake. Wati za Area kwenye Blender ni jumla ya taa nzima, kwa hiyo ukiipanua taa bila kugusa wati, nguvu ileile inagawanywa juu ya eneo kubwa zaidi. Taa ya mraba ya sentimita 25 ukiifanya mita 1, eneo limekuwa mara 16, na kila sehemu yake inayoonekana kwenye birika itakuwa na ukali wa moja ya kumi na sita. Meza kwa upande wake itaendelea kupokea mwanga unaokaribia uleule. Hivyo una vishikio viwili: ukubwa unautumia kupatanisha metali na meza, kisha wati unazitumia kupandisha au kushusha vyote viwili kwa pamoja.

#9 – Dogo Piseli

Mimi nilipata tatizo kama hili kumbe birika langu lilikuwa na urefu wa mita 22. Nililileta kutoka programu nyingine na vipimo vikahama, nikawa nimefika wati 5,000 na meza bado ni usiku. Mkuu, bonyeza N uangalie Dimensions kabla ya yote.

#10 – Mjukuu wa Seremala

Dogo, nimeangalia, langu ni mita 0.22. Wewe ulikuwa unachemsha chai ya mtaa mzima.

#11 – Salma wa Noudi

Naomba kuongezea kuhusu hoja ya #8. Mimi huwa situmii Area kabisa kwa metali, natumia bapa la kawaida lenye Emission, kwa sababu Strength ya Emission haigawanywi kwa eneo. Nikiweka 3, mwangwi wake kwenye metali unabaki na ukali uleule hata nikilivuta bapa liwe kubwa kama mlango. Jambo la pili ni kwamba napenda bapa lisiwe na weupe sawa kote. Taa yenye weupe sawa huacha kwenye birika kipande cheupe chenye kingo kali kama karatasi iliyobandikwa, na jicho halisomi mviringo wa tumbo. Bapa likififia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tumbo linaonekana limejaa.

```
Texture Coordinate (UV) -> Gradient Texture -> Color Ramp -> Emission (Strength)
```

Kati ya Color Ramp na Emission naweka Math ya kuzidisha ili niweze kupandisha nguvu bila kuharibu mfifio.

#12 – Fundi Mwangaza

Dada Salma, mfifio nakubaliana nawe kwa asilimia zote. Ila kwa Area pia unaweza kuukaribia kwa kushusha Spread kutoka nyuzi 180 hadi 60 au 90, na kingo za mwangwi zitalainika kwenye sehemu zilizopinda. Faida yake ni kwamba kwa kawaida Cycles huchukua sampuli za Area kwa usafi zaidi kuliko bapa, hivyo chenga zinapungua.

#13 – Salma wa Noudi

Chenga naziachia Denoise. Spread inafifisha inavyotaka yenyewe, mimi nataka nichague mfifio unaanzia wapi. Hapo hatutaelewana, kaka.

#14 – Msanifu Mstaafu

Tumeongea sana juu ya taa na tumeisahau nusu ya pili ya swali, yaani metali. Metallic 0.8 ni kosa. Kitu ama ni metali ama si metali, ukiweka 0.8, unachanganya sehemu nane za metali na mbili za plastiki ya kijivu, na matokeo yake ni rangi ya kupuliza ya fedha, ile ya geti. Weka 1. Mpini uwe na materiali yake tofauti yenye Metallic 0 na Roughness kama 0.4.

Kuhusu rangi, watu hutazama birika, wanaona sehemu nyingi nyeusi, wanaweka Base Color nyeusi. Weusi ule si wa birika, ni wa chumba. Base Color ya metali ni kiasi cha mwanga inachorudisha unapoitazama uso kwa uso: alumini hurudisha takriban 0.91, chuma takriban 0.56, na stenlesi mimi huiweka jirani na chuma, kati ya 0.55 na 0.6. Andika namba hizo kwenye visanduku vya RGB, si kwenye Hex, kwa sababu Hex inahesabu kwa kipimo kingine na 0.56 ya RGB huko inasomeka karibu na C5.

#15 – Kipanga

Mzee, 0.8 si kosa siku zote. Birika lililokaa jikoni lina moshi, lina mafuta, lina kutu kwenye mshono wa mdomo. Hapo huwezi kuweka 1 kote.

#16 – Msanifu Mstaafu

Kwenye doa la moshi unaweka 0 na kwenye metali tupu unaweka 1, kwa kutumia ramani. Thamani ya katikati inaingia kwenye mpaka mwembamba wa doa tu. Aidha, ndugu yetu anauza birika jipya, hauzi la kwako.

#17 – Mtoto wa Pwani

Je, namba hizo zinafaa kwa dele la kahawa? Nataka kulitengeneza lile la shaba la wauza kahawa wa Mombasa, lenye mdomo uliopinda kama mdomo wa ndege. Nimeweka rangi ya chungwa iliyokolea na linaonekana kama plastiki ya ndoo.

#18 – Msanifu Mstaafu

Mwanangu, shaba nyekundu ni takriban 0.95, 0.64, 0.54. Utaishangaa, kwa kuwa kwenye kisanduku inaonekana imepauka kama waridi, lakini rangi hukolea yenyewe pale metali inapojiakisi, kwa mfano mdomo ndani ya tumbo, kwani mwanga unapakwa rangi mara mbili. Wewe umeikoleza tangu mwanzo, ndiyo maana imegeuka ndoo. Kama dele lako ni la shaba ya njano, ivute kuelekea manjano, lakini usiikoleze.

#19 – Mjukuu wa Seremala

Shukrani wote. Naleta matokeo ya usiku wa jana. Nimeweka Metallic 1, Base Color 0.57, Roughness 0.15. Kamera nimeirudisha nyuma hadi mita 1.2 na lenzi ya milimita 85, maana kwa 35 mdomo ulikuwa unarefuka kama wa mamba. Taa kuu sasa ni Area ya mita 1.2 kwa 0.6, imesimama wima kushoto, sentimita 80 kutoka kwenye birika, nayo ina wati 5 tu. Kulia sijaweka taa, nimesimamisha ubao mweupe unaorudisha mwanga wa taa kuu. Nyuma kulia nimeweka taa nyembamba ya sentimita 15 kwa mita 1.

Tumbo sasa linasomeka vizuri mno, lina bapa refu jeupe kushoto, kijivu laini kulia, na katikati mstari wa giza unaoonyesha mviringo. Tatizo jipya ni kwamba mteja anataka mandhari nyeupe, na nilipoweka pazia jeupe nyuma, kingo zote mbili za birika ziliyeyuka ndani ya pazia. Ni kama birika limekatwa kwa mkasi butu.

#20 – Bi Mkubwa wa Picha

Sasa nimeelewa kwamba ni la kompyuta, lakini dawa ni ileile. Kingo za chombo cha mviringo zinaakisi kilicho nyuma yake, si kilicho mbele. Pazia lako jeupe limeingia kwenye kingo, ndiyo maana zimepotea. Sisi tulikuwa tunasimamisha vipande viwili vya kadibodi nyeusi, kimoja kila upande, nyuma kidogo ya chombo na nje ya picha. Kila ukingo unapata mstari mweusi mwembamba, na chombo kinajitenga na weupe. Ukivisogeza karibu, mstari unanenepa, ukivitoa nje, unakonda.

#21 – Mjukuu wa Seremala

Bi Mkubwa, shikamoo. Mabapa mawili meusi, sentimita 20 kutoka kila upande, na kingo zimerudi. Sikutegemea kwamba birika litang'aa zaidi kwa kuongezewa weusi. Ila lile la kulia limeizuia taa yangu ya nyuma, na mstari wake wa mwanga umepotea.

#22 – Fundi Mwangaza

Hapo lazima uchague. Kwenye mandhari meusi ukingo unachorwa kwa mwanga, na taa ya nyuma ina kazi. Kwenye mandhari meupe ukingo unachorwa kwa giza, na taa ya nyuma haina kazi tena isipokuwa juu ya kifuniko. Ipandishe juu imulike kirungu na bega, au iondoe.

#23 – Nuru ya Tanga

Kwa hiyo taa tatu zimekuwa taa moja, ubao mmoja na kadibodi mbili. Bado tunaita mpango wa taa tatu? Mpango ule ni wa sura ya mtu anayehojiwa, tukubali tu kwamba kwa metali haupo.

#24 – Fundi Mwangaza

Upo, ila majina yanabaki na kazi inabadilika. Taa kuu ni mwangwi mkubwa unaoeleza umbo, ya kujaza ni mwangwi hafifu unaozuia giza kumeza upande wa pili, na ya tatu ni kinachotenganisha ukingo, kiwe cheupe au cheusi. Mpini wa plastiki na meza bado vinamulikwa kama sura ya mtu, kwa hiyo huwezi kuutupa mpango mzima.

#25 – Kipanga

Na mimi bado nasema HDRI ingemaliza haya yote siku ya kwanza.

#26 – Salma wa Noudi

Ingemaliza, na madirisha ya studio ya mtu usiyemjua yangekaa pale yalipotaka yenyewe. Ukiizungusha HDRI ili dirisha likae sawa kwenye tumbo, kifuniko kinaharibika. Mimi naiweka kwa nguvu ndogo, 0.1 au 0.2, ili giza la chini ya mpini lisiwe tupu, halafu kazi yenyewe naifanya kwa mabapa.

#27 – Dogo Piseli

Mkuu #19, pazia lako ni jeupe kweli? Langu lilikuwa linatoka kijivu kila nikipima, mteja akasema picha imefubaa. Nikaongeza mwanga hadi birika likaanza kupauka.

#28 – Salma wa Noudi

Hiyo ni AgX, ambayo tangu Blender 4.0 ndiyo View Transform ya kuanzia. Inabana weupe taratibu ili sehemu kali zisikatike ghafla, kwa hiyo kitu chenye thamani ya 1 hakifiki weupe wa mwisho. Ukibadilisha kuwa Standard, pazia litakuwa jeupe.

#29 – Msanifu Mstaafu

Pazia litakuwa jeupe na mwangwi wa taa kuu utakatika, kwa sababu kwenye Standard kila kinachozidi 1 kinakuwa weupe mmoja usio na mfifio. Ule mfifio ulioutetea kwenye #11 utaukata mwenyewe. Afadhali abaki na AgX, awashe Transparent kwenye Film, kisha aweke weupe nyuma wakati wa kuunganisha.

#30 – Salma wa Noudi

Hautakatika iwapo mfifio wote ameuweka chini ya 1, mzee. Kingo atakazopata kwa njia yako pia zinategemea pazia lililopo wakati wa kurenda. Akiliondoa, birika halitakuwa na weupe wa kuakisi nyuma.

#31 – Mjukuu wa Seremala

Nimejaribu yote mawili. Standard imenipa pazia jeupe, lakini ilinibidi nishushe taa kuu hadi wati 3 ili mwangwi usikatike, na mpini ukazama gizani. AgX imenipa metali nzuri zaidi na pazia la kijivu. Nimemtumia mteja zote mbili bila maelezo.

Swali la mwisho. Birika halisi limesuguliwa kwa mikwaruzo myembamba inayozunguka tumbo. Nimepandisha Roughness hadi 0.3, nikapata ukungu tu.

#32 – Fundi Mwangaza

Roughness peke yake inatawanya mwangwi sawa kila upande. Mikwaruzo ya upande mmoja huuvuta mwangwi kwa kuukingama, kwa hiyo mikwaruzo inayozunguka tumbo itauvuta wima, kutoka kifuniko hadi chini. Weka Anisotropic 0.7, unganisha noudi ya Tangent kwa Radial, mhimili Z. Mwangwi ukivutika kwa ulalo badala ya wima, weka Anisotropic Rotation 0.25, ambayo ni robo ya mzunguko. Na ubaki Cycles, kwa kuwa Eevee haiijui Anisotropic.

#33 – Mjukuu wa Seremala

Imekubali, na sasa linafanana na lile lililo mezani kwangu. Mteja amejibu: ameichagua ya AgX, kisha ameuliza kwa nini pazia si jeupe.

Kimebaki kitu kimoja. Pale mdomo unapoungana na tumbo, ukingo wa taa kuu unapita kwa mawimbi, kama bati lililogongwa.

#34 – Dogo Piseli

Meshi hiyo. Umekata tundu la mdomo kwa Boolean na ukaacha poligoni ndefu. Washa MatCap ile yenye mistari uone inavyoyumba.

#35 – Nuru ya Tanga

Au ni ukingo mkali wa taa. Shusha Spread, mawimbi hayataonekana.

#36 – Dogo Piseli

Yatafichwa, hayatakwisha. Siku atakapoombwa picha ya pili kutoka upande mwingine yatarudi.

#37 – Bi Mkubwa wa Picha

Mwanangu, lile birika halisi ulilo nalo mezani, pale kwenye kiungo limenyooka? Mengi niliyopiga yalikuwa yamebonyea hapohapo, kwa sababu ndipo yanapochomelewa.

#38 – Mjukuu wa Seremala

Nimelichukua nikalitazama dirishani. Limebonyea.